Kisawe Hakikai Kamusini

"Neno hili halina Kiswahili." Kauli hii imesemwa mara nyingi mno ofisini, madarasani na barazani, hata watu wameacha kuihoji. Karani huitoa anapomrudishia mama mzee fomu ambayo hakuielewa. Mwalimu huitoa anapoacha istilahi ya Kiingereza ikining'inia katikati ya somo la Kiswahili. Upande wa pili wapo wapenzi wa lugha yetu ambao wameigeuza kauli hiyohiyo ikawa sifa. Wao husema "pole" haitafsiriki, "utu" hautafsiriki, na mgeni atakaa nasi miaka na mikaka bila kuyapatia maneno hayo mwenzake katika lugha yake. Makundi haya mawili hudhani yanapingana, lakini yamesimama juu ya kosa moja. Yote yanaamini kwamba kutafsiri ni kuoanisha neno na neno, na kwamba neno likikosa mwenzake, tafsiri imeshindikana.

Naipinga imani hiyo, na nitaipinga kwa mambo ya hapa Mitaboni, chini ya vilima vya Iveti katika kaunti ya Machakos. Hapa mtu huzungumza Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni, kisha hukabidhiwa karatasi ya Kiingereza siku ambayo jambo zito limempata. Tafsiri mbaya ikipita hapa, gharama yake hulipwa kwa shamba.

Tuseme mzee mmoja amefariki bila kuacha wosia. Ameacha mjane, wana wawili wa kiume, binti wawili walioolewa, na kipande cha ardhi chenye hati kwa jina lake. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura 160, inasema mali hiyo isiguswe mpaka mahakama itoe kile ambacho Kiingereza hukiita "letters of administration". Safari ya kuelekea huko huanza kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwataja walioachwa na marehemu. Barua hiyo hupelekwa mahakamani pamoja na fomu nyingine, tangazo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na watu hupewa siku 30 za kuweka pingamizi. Pasipokuwa na pingamizi, mahakama hutoa idhini ya kusimamia mali. Kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya idhini hiyo kuthibitishwa na mali kugawanywa.

Sasa mpe mtu anayeamini kuoanisha maneno aitafsiri istilahi hiyo. Atafungua kamusi na kupata "barua", kisha "usimamizi", naye ataandika "barua za usimamizi". Kila neno limepata mwenzake, wala hakuna lililopungua au kuzidi. Lakini huko Mitaboni barua anayoijua mjane ni ile ya chifu, yenye muhuri, ambayo ameshaishika mkononi. Akisoma kwamba mali itasimamiwa na mwenye "barua za usimamizi", ataona kazi imekwisha. Wanawe wataanza kupima mipaka, na mmoja wao huenda akamuuzia jirani sehemu yake. Kwa kifungu cha 45 cha sheria hiyohiyo, kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufikia faini ya shilingi 10,000, kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Familia imeingia hatiani kwa kufuata maneno ambayo kamusi ingeyatetea moja baada ya jingine.

Hapo ndipo watetezi wa kauli ile hurukia. Husema: si tulisema? Istilahi hiyo haitafsiriki, iacheni katika Kiingereza. Nawaomba watazame Kiingereza chenyewe. Neno "letters" katika istilahi hiyo halina maana ya barua anazotumiana mtu na rafiki yake. Ni umbo la wingi lililofuata Kilatini, ambamo neno la wingi lilimaanisha hati iliyoandikwa rasmi. Yaani istilahi wanayoiona kuwa ya asili isiyogusika ni tafsiri kongwe ya neno kwa neno, na Mwingereza wa kawaida asiyesoma sheria naye haimwelei. Kuiacha bila kuitafsiri ni kumhamishia mjane wa Mitaboni giza ambalo tayari limo katika lugha ilikotoka.

Mfasiri anayeijua kazi yake haanzi kwa kuuliza neno hili linaitwaje. Anaanza kwa kuuliza karatasi hii inafanya kazi gani, nani ataisoma, na akishaisoma atafanya nini. Karatasi hii ni hati, hutolewa na mahakama, na humpa mtu mamlaka juu ya mirathi. Basi ataandika "hati ya mahakama ya kusimamia mirathi". Neno "mahakama" halimo katika Kiingereza, na wapo watakaomshtaki kwa kuliongeza. Lakini msomaji wa Kiingereza aliyekusudiwa ni wakili ambaye tayari anajua nani hutoa hati hiyo, ilhali msomaji wa Mitaboni hajui, na hilo ndilo jambo moja ambalo lazima alijue ili asipotee. Mbinu hii huitwa ufafanuzi. Lililokuwa limefichika katika matini chanzi hudhihirishwa katika matini lengwa, kwa sababu wasomaji wawili hawaanzi na ujuzi uleule. Aliyeandika "barua za usimamizi" hakupunguza neno hata moja, lakini alipunguza maana. Huyu ameongeza maneno na maana imebaki palepale.

Tazameni pia kwamba "barua za usimamizi wa mirathi" ni maneno yanayotumika Tanzania, na huko hayapotezi mtu kama yanavyompoteza mtu wa Mitaboni. Mahakama za mwanzo za Tanzania zimeendeshwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na watu wameyazoea maneno hayo pamoja na shughuli yake. Maneno ni yaleyale na lugha ni ileile, ila upande mmoja wa mpaka yanatosha na upande wa pili yanapotosha. Kama kisawe kingekuwa kitu kinachokaa kamusini, jambo hili lisingewezekana. Linawezekana kwa sababu kisawe ni uhusiano ambao mfasiri huujenga kati ya matini mbili, kwa ajili ya wasomaji fulani, katika shughuli fulani.

Wanaosoma taaluma ya tafsiri wamekutana na mawazo haya. Eugene Nida, katika kitabu chake cha 1964, alitenganisha ulinganifu wa umbo, unaofuata sura ya matini chanzi, na ulinganifu wa athari, unaotaka msomaji mpya aipokee habari kama alivyoipokea msomaji wa kwanza. Kabla yake, mwaka 1959, Roman Jakobson alionyesha kwamba lugha hutofautiana katika yale zinayomlazimisha msemaji kuyataja, wala si katika yale zinayoweza kuyataja. Katika Kiswahili, mwongozo wa tafsiri wa Mwansoko na wenzake, uliochapishwa mwaka 1996 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umewafundisha wanafunzi wengi wa pande zote mbili za mpaka. Hoja hizi zimekuwa nasi kwa muda mrefu, lakini hufundishwa ili zijibiwe kwenye mtihani, kisha huachwa darasani. Mwanafunzi aliyeeleza vizuri tofauti ya umbo na athari ndiye huyohuyo atakayemwambia mama yake kwamba neno fulani halina Kiswahili.

Neno la pili katika karatasi zilezile lina hatari kubwa zaidi, kwa sababu tafsiri yake huonekana sahihi kabisa. Ni neno "dependant". Kamusi hutoa "mtegemezi", na hakuna wa kubisha. Lakini kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi kinalipa neno hilo maana yake chenyewe. Watoto wa marehemu wamo ndani yake, wawe walikuwa wakitunzwa naye kabla hajafa au la. Binti aliyeolewa Kangundo, mwenye kazi na mshahara wake, ni "dependant" wa baba yake kwa mujibu wa sheria hiyo. Mwambie aandike majina ya "wategemezi wa marehemu" naye atajiacha nje bila kulazimishwa na mtu, kwa kuwa hamtegemei yeyote na kuitwa tegemezi kunamshushia hadhi. Kaka zake wataandika majina yao wenyewe na kuona wamesema kweli. Miaka baadaye, mahakama ikionyeshwa kwamba jambo muhimu lilifichwa, inaweza kuibatilisha hati yote kwa kifungu cha 76, na mnunuzi wa shamba na familia nzima wataanza upya kortini.

Kosa la tafsiri hii limo katika kudhani kwamba neno la sheria lina maana ileile ya neno la mtaani, wala Kiswahili hakikupungukiwa na kitu. Hata Mwingereza akilisoma bila kukiona kifungu, ataelewa vibaya vilevile. Mfasiri wa fomu hii aweke neno kando na kutafsiri kifungu, akianza hivi: "Andika majina ya mke au mume wa marehemu na watoto wake wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa, hata kama walikuwa wakijitegemea." Sentensi hiyo ni ndefu mara nyingi kuliko neno moja, na kuna watakaouliza neno lenyewe liko wapi. Limegawanyika katika sentensi hiyo na zitakazoifuata. Mtu anayedai kisawe lazima kiwe neno moja ameazima kipimo cha mtunga kamusi na kukileta mahali ambapo mizani ni uelewa wa msomaji.

Kifungu hichohicho kinataja pia ndugu wa marehemu, wakiwemo wale ambao Kiingereza huwaita "half-brother" na "half-sister", mradi walikuwa wakitunzwa naye. Wengi hukimbilia "ndugu wa kambo". Lakini neno "kambo" huchanganya watu wawili tofauti: yule mliyechangia naye mzazi mmoja, na yule ambaye mzazi wake alioana na mzazi wako bila nyinyi kuchangia damu. Sheria inamtaja wa kwanza. Kiswahili kina njia ya kusema hivyo bila utata: "ndugu wa baba mmoja" au "ndugu wa mama mmoja". Hakuna neno moja hapa, lakini kirai hiki kinaeleza kuliko Kiingereza, kwa sababu kinataja ni mzazi yupi, jambo ambalo Kiingereza hulinyamazia. Katika boma la wake wawili, hilo ndilo swali la kwanza kuulizwa. Hapa ndipo hoja ya Jakobson inapoonekana wazi: kila lugha ina uwezo, ila kila moja ina mambo inayoyataja upesi na mengine inayoyataja kwa maneno zaidi.

Watetezi wa kauli ile wakishindwa hapo hutoa hoja nyingine. Husema Kiswahili hukopa mno, na kukopa ni ushahidi wa umaskini. Nawataka wapande vilima vya Iveti watazame matuta ya mashamba. Mengi yamejengwa kwa kuchimba mtaro kufuata kontua na kuurusha udongo upande wa juu wa mteremko. Udongo huo hufanya ukingo, ukingo hupandwa nyasi ili usibomoke, na kadiri mvua za miaka zinavyosukuma mchanga mpaka ukingoni, shamba lililokuwa limeinama hulala sawa kama ngazi. Njia hii inaitwa "fanya juu", na ile ya kurusha udongo chini inaitwa "fanya chini". Watafiti wanaoandika kwa Kiingereza, wakiwemo Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki katika utafiti wao mkubwa juu ya Machakos uliochapishwa mwaka 1994, wameliandika jina hilo kwa Kiswahili chake.

Kiingereza kingeweza kuunda jina lake, na maneno ya kueleza mtaro, udongo na upande wa juu yamejaa humo. Kilikopa kwa sababu jina lilikuwa tayari mikononi mwa wakulima, lilikuwa fupi, na mtaalamu aliyelitumia alielewana na mkulima papo hapo. Sijasikia mtu akisema kwamba Kiingereza ni maskini kwa kuwa kilikopa "fanya juu". Basi Kiswahili kinapokopa "kontua" au "fomu", kipimo kiwe hichohicho. Ukopaji ni mbinu moja kati ya nyingi, na hufaa pale ambapo kitu kimekuja na jina lake, au msomaji atakutana na jina hilo tena na tena. Sharti lake ni kwamba kitu kielezwe mara ya kwanza kinapotajwa. Hata "fanya juu" haijielezi. Mswahili wa Lamu ambaye hajaliona tuta la Machakos hatajua inahusu nini, ijapokuwa maneno yote mawili ni ya kwao. Kwa hiyo anayekopa bila kueleza ameiacha kazi yake katikati.

Niwageukie sasa wale wa upande wetu, wanaojivunia maneno yasiyotafsirika. Wao nao wanakidhuru Kiswahili, kwa kuwa wanakifanya kuwa cha kutazamwa badala ya kusomwa. Chukua hilo "pole" lao. Aliyejikwaa huambiwa pole, aliyefiwa huambiwa pole, na anayelima jua likiwaka huambiwa pole na kazi. Ni kweli kwamba hakuna neno moja la Kiingereza linaloingia mahali pote pale patatu. Wengi wetu tumeweka "sorry" kila mahali, na mgeni aliyejikwaa hushangaa kwa nini tunaomba radhi ilhali hatukumsukuma. Lakini mfasiri wa hadithi hatafsiri "pole" tatu kwa mpigo. Anatafsiri mtu mmoja akisema na mwingine kwenye ukurasa mmoja. Kwa aliyejikwaa, atamfanya msemaji aulize kama ameumia. Kwa aliyefiwa, ataweka maneno ya rambirambi ambayo Mwingereza husema msibani. Kwa mkulima, Kiingereza hakina salamu ya kumpongeza mtu kwa jasho lake, kwa hiyo mfasiri atachagua: aweke salamu ya kawaida tu, au aliache "pole" lenyewe na kuyafanya maneno yanayolizunguka yalieleze. Uamuzi utategemea kama hadithi inamtaka msomaji aione desturi hiyo au apite tu njiani. Neno moja limepata majibu matatu, na kila jibu ni sahihi mahali pake.

Haya hayamaanishi kwamba tafsiri haipotezi kitu. Ninakubali kwamba hupoteza, na napenda tuseme ni nini hasa. Palipo na mchezo wa sauti, palipo na vina na mizani, palipo na fumbo linalotegemea maana mbili za neno moja, umbo ndilo maana, na mfasiri hawezi kulihamisha zima. Anaweza kufidia, yaani kuleta mchezo mwingine mahali pengine katika matini, lakini huo utakuwa mchezo mwingine. Katika sheria pia kuna gharama. Neno "mirathi" nililolitumia hapo juu litamkumbusha Mwislamu wa Mombasa kadhi na mafungu ya Kurani, ilhali sehemu kubwa ya Sura 160 haihusu mirathi ya Waislamu. Hati ileile ikipelekwa pwani itahitaji sentensi ya kulieleza hilo. Na Katiba ya Kenya ya 2010, pamoja na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, inasema katika ibara ya 259 kwamba matoleo ya Katiba hiyo ya lugha mbalimbali yakihitilafiana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Mfasiri anapaswa kuyajua haya yote. Lakini kusema kwamba kitu fulani kilipotea ni hesabu anayoweza kuitoa aliyefanya kazi mwenyewe. Anayesema neno halitafsiriki kabla hajajaribu hana hesabu ya kutuonyesha.

Na tunajuaje kama tafsiri imefaulu? Njia inayopendwa ni tafsiri rejeshi: mtu wa pili huirudisha matini ya Kiswahili katika Kiingereza bila kuiona ya awali, kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Njia hii hukamata maneno yaliyorukwa na takwimu zilizogeuzwa, na kwa hilo inafaa. Lakini ipimeni kwa mfano wetu. "Barua za usimamizi" huenda ikarudi Kiingereza karibu ilivyotoka, neno kwa neno, na ikapewa alama zote. "Hati ya mahakama ya kusimamia mirathi" itarudi ikiwa na maneno yaliyozidi, na itakatwa alama. Kipimo kimemsifu aliyepotosha na kumkemea aliyeeleza, kwa sababu nacho kimejengwa juu ya imani ya kuoanisha maneno.

Kipimo cha haki humfuata msomaji. Mpe karatasi mtu wa Mitaboni ambaye hajui Kiingereza, mwache aisome mwenyewe au asomewe polepole, kisha usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo kwa heshima. Muulize kesho atakwenda wapi. Muulize ni karatasi gani atakuwa nayo kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuuza shamba. Muulize atawaandika akina nani, na kama yule binti wa Kangundo yumo. Akisema atakwenda mahakamani, akasema atangoja hati ithibitishwe, akamtaja binti, basi kisawe kimepatikana. Akikosea hata moja, tafsiri irudi mezani, hata kama kila neno lake limo katika kamusi.

Kwa hiyo nawaomba wenye ofisi, walimu na wote wanaoshika kalamu ya tafsiri: mkikwama, msiseme neno hili halina Kiswahili. Semeni bado hamjampata msomaji wake, kisha mwendeeni mkamuulize.